Kiingereza cha ofisini ugenini: nani, nini, lini

Mtu anaweza kusoma chuo kikuu Dodoma au Eldoret, masomo yote kwa Kiingereza, akaandika tasnifu kwa Kiingereza na kufaulu usaili kwa Kiingereza, kisha akaajiriwa Leeds au Manchester na wiki ya kwanza akasoma barua pepe ya mistari minne asijue kama amepewa kazi, amesifiwa au amekataliwa. Maneno yote anayajua. Hata akifungua kamusi, hapati msaada, kwa sababu kamusi inaeleza maneno, nalo tatizo lake ni mazoea ya watu wanaoyatumia.

Mazoea hayo yana shabaha. Ofisi za Uingereza, na kwa kiasi chake zile za Marekani na Kanada, huona vibaya mkuu wa kazi kumwambia mtu waziwazi fanya hiki, acha kile, hili hapana. Amri inavikwa nguo ya ombi, katazo linavikwa nguo ya ahadi, na lawama inatangulizwa na pongezi. Kwetu si jambo geni. Aliyewahi kuambiwa katika ofisi ya serikali kwamba suala lake linashughulikiwa anajua kuwa sentensi inaweza kuwa na heshima kamili na isiwe na jibu ndani yake. Tofauti ni kwamba nyumbani tumeyazoea tangu utotoni, na tunajua tukiambiwa lipi turudi kesho na tukiambiwa lipi tutafute njia nyingine. Ugenini hisia hiyo haipo bado, na mgeni hulipa gharama ya kuikosa.

Njia ya kuivuka ni kutafuta mambo matatu katika kila ujumbe: nani anatakiwa kufanya, afanye nini, na lini. Misemo mingi ya ofisini imezoeleka kwa sababu inaruhusu moja kati ya hayo matatu libaki limefichwa. Ukijua ni lipi limefichwa, umeshaelewa msemo.

Chukua mfano ambao nimeutunga kwa kufuata barua za kila siku. Umeajiriwa idara ya fedha ya kampuni inayouza samani. Umemtumia mkuu wako ripoti ya wateja 200 ambao hawajalipa ankara zao, na mwishoni umependekeza mfumo mzima wa kutoa ankara ubadilishwe. Jumatano mchana anakujibu. Anakushukuru na kusema ripoti ni "a good start". Kuhusu mfumo anasema "let's circle back on that". Kwa sasa, anaandika, tuanze na "low-hanging fruit". Kuna mteja mmoja mkubwa unayemtilia shaka. Huyo, anasema, mumzungumze "offline". Anamalizia kwa kusema kwamba ukiwa na "bandwidth" angependa kuona orodha "by COB Friday".

Tuanze na "circle back", kwa sababu ndio unaowatesa wageni kuliko yote. Picha yake ni ya mtu anayezunguka na kurejea alipokuwa. Maana ya kawaida ni kwamba jambo linaachwa sasa na litarudiwa baadaye. Lakini huo baadaye ni lini? Msemo hausemi, na hapo ndipo kazi yake ilipo. Mara nyingi jambo lililoambiwa hivyo limepigwa kalenda, na kuna wakati limezikwa kabisa bila msiba kutangazwa.

Ili kujua ni lipi kati ya hayo, mtazame mtendaji wa sentensi. Mkuu wako akisema yeye mwenyewe ata-"circle back" kwako akishapata takwimu, amejifunga: kuna mtu, na kuna kitu anachokisubiri. Hiyo ni ahadi, na siku chache zikipita una haki ya kumkumbusha. Akitumia wingi, yaani tutarudi kwenye hilo, hakuna aliyejifunga. Jambo lako limewekwa kiporo, na hakuna atakayekipasha moto usipokuwa wewe. Kisha kuna sura ya tatu, ile ya barua inayoanza na "just circling back". Hiyo si ahadi wala kuahirisha, ni ukumbusho. Anayekuandikia anakwambia kwa upole kwamba alikuuliza jambo na hujamjibu. Ukiipokea mara mbili kwa jambo moja kutoka kwa mtu mmoja, jua upole unaelekea ukingoni.

Hata neno dogo la wingi, "we", lina mtego wake. Katika ofisi hizi mkuu anaposema tunahitaji kumaliza hili Ijumaa, mara nyingi hana nia ya kukaa na wewe mlimalize pamoja. Anasema wewe ulimalize. Kama barua imekuja kwako peke yako na kazi hiyo iko ndani ya majukumu yako, ihesabu kuwa yako. Kama imekwenda kwa watu sita na hakuna aliyetajwa, jibu kwa kusema ni sehemu gani utaichukua. Hapo wengine nao hulazimika kujitokeza, na kazi inapata mwenyewe.

Katika mfano wetu mkuu ametumia wingi: "let's circle back on that". Hajakukubalia kubadilisha mfumo, na hajakukataza kuutaja tena. Usianze kuandaa mpango wa kurasa kumi. Wala usikae kimya ukisubiri aurudie mwenyewe. Muulize kwa sentensi moja kama uuweke kwenye ajenda za kikao cha mwezi. Akitaja tarehe, jambo liko hai. Akisema tuone kwanza hili la madeni linavyokwenda, limelala, na umejua bila mtu kuumia.

"Low-hanging fruit" ni matunda ya matawi ya chini, yale mtu anayachuma akiwa amesimama wima, bila ngazi wala upondo. Ofisini ni kazi nyepesi yenye faida ya haraka. Kila anayetoka penye miembe ataielewa picha hiyo mara moja, na kwa sababu anaielewa upesi hukosa kuona kwamba ndani yake kuna mpaka. Mkuu wako hajasema tu uanze na vilivyo rahisi. Amesema pia vilivyo juu uviache kwa sasa.

Rudi kwa wateja wako 200. Ukipitia orodha utakuta makundi. Tuseme 30 hawajalipa kwa sababu ankara zilipelekwa kwenye anwani waliyohama. Wengine 20 wanaomba namba ya agizo iandikwe kwenye ankara kabla idara yao ya malipo haijaidhinisha. Hao 50 wana fedha na hawana ubishi. Barua moja iliyosahihishwa inatosha. Hao ndio matunda ya chini. Waliobaki wana malalamiko kuhusu bidhaa, au wamefilisika, au wanabishania bei, na kila mmoja atakula siku nzima ya simu. Mgeni mwenye bidii hutaka kuonyesha juhudi, akaanza na wale wagumu ili asionekane mvivu. Ijumaa inafika ana wateja watatu aliowapigania kweli kweli, na mkuu wake anashangaa fedha za wale 50 ziko wapi. Bidii yake haikuwa na kosa, ila iliwekwa kwenye tawi ambalo hakuagizwa kulipanda.

Kuna adabu moja katika msemo huo ambayo wenyeji huijua bila kufundishwa. Usiutumie kuelezea kazi ya mtu mwingine. Ukisema kikaoni kwamba umeona matunda mengi ya chini katika idara ya mauzo, watu wa mauzo watasikia kwamba walipita chini ya mti kila siku wasione. Ni tusi, hata kama hukukusudia. Kwa kazi yako mwenyewe sema utakavyo.

"Offline" huwapotosha wengi kwa sababu tunalijua kutoka kwenye simu na kompyuta, kukosa mtandao. Ofisini halihusiani na mtandao hata kidogo. Mnaweza kuzungumza "offline" kwa njia ya video. Maana yake ni nje ya kikao hiki, kati ya wanaohusika tu. Likitamkwa kikaoni wakati unaeleza jambo lako, nyamaza hapo hapo, hata kama ulikuwa umebakiwa na sentensi moja. Mara nyingi sababu ni ndogo: muda umekwisha, au wengine kumi waliopo hawahusiki. Mara nyingine sababu ni nzito, kwamba umegusa jambo la siri au umemgusa mtu aliyepo. Kwa vyovyote anayetakiwa kuendeleza mazungumzo ni yule aliyekuwa na hoja, yaani wewe. Siku hiyo hiyo mwandikie mkuu umuulize ana dakika kumi lini. Wanaosubiri waitwe hungoja sana.

Katika barua yetu neno hilo limemhusu mteja mkubwa. Hapo onyo ni kwamba usiandike tuhuma zako juu yake kwenye barua pepe. Nchini Uingereza mtu ana haki kisheria ya kuomba nakala ya taarifa zinazomhusu ambazo kampuni inazihifadhi, barua pepe zikiwamo, na kampuni ikishtakiwa barua zake zinaweza kudaiwa mahakamani. Mkuu anayetaka jambo lizungumzwe kwa mdomo huenda anaikumbuka sheria hiyo.

"Bandwidth" limetoka kwa mafundi wa mawasiliano. Kwao ni upana wa masafa unaobeba mawimbi, na kadiri njia ilivyo pana ndivyo taarifa nyingi zinavyopita. Ofisini ni nafasi aliyonayo mtu, muda wake na nguvu yake kwa pamoja. Swali la kama unayo huonekana kama hiari. Likitoka kwa mwenzako wa daraja moja ni ombi kweli, na unaweza kulikataa kwa maelezo mafupi. Likitoka kwa mkuu wako, liko karibu zaidi na agizo, lakini limeachiwa mlango mmoja wazi, nao ni mlango wa kutaja mzigo ulio nao.

Mlango huo Waswahili wengi hawautumii. Tumelelewa kwamba mkubwa akikutuma unaitikia, na kumwambia huna nafasi ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo tunasema ndiyo, tunakesha, na ikishindikana tunatumaini atasamehe. Katika ofisi za Uingereza mwenendo huo unasomwa kinyume kabisa. Anayekubali kisha akakosa tarehe anaonekana hategemeki, na aliyesema mapema kwamba ana kazi mbili mkononi anaonekana mtu makini. Jibu linalopendeza huko lina sura hii: wiki hii nina hesabu za mwezi na hii orodha ya wateja, nikichukua la tatu, lipi kati ya mawili lisubiri? Hujakataa. Umemrudishia mkuu uamuzi ambao ni wake.

Linalohusiana na hilo ni majina. Huko utamwita mkuu wako kwa jina lake la kwanza tangu siku ya kwanza, bila bwana, mheshimiwa wala mzee, na mkurugenzi vilevile. Usidhani ngazi zimeondolewa. Zipo palepale, ila zimetolewa kwenye majina zikawekwa kwenye nani anaweza kusema hapana. Ndiyo maana ombi la mtu unayemwita kwa jina tu linaweza kuwa amri.

Imebaki "COB Friday". Herufi hizo ni kifupi cha kufungwa kwa ofisi, na zina ndugu yake EOD, mwisho wa siku. Katika nchi hizo ofisi hufungwa kwa kawaida saa kumi na moja jioni, wao wakiiandika 5 pm au 17:00. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili inambidi awe macho hapa, hasa katika wiki za mwanzo. Ukiona kikao kimewekwa 11:00, ni saa tano asubuhi, na ukisema mwenyewe "at eleven" ukiwa na saa kumi na moja kichwani, utamkosesha mtu kikao. Kosa hili halitokani na udhaifu wa lugha. Linatokana na kubadilisha hesabu ukiwa na haraka, na dawa yake ni kuandika saa kwa tarakimu nne, 17:00, kila mara.

Halafu uliza ni kufungwa kwa ofisi ya wapi. Kampuni ikiwa na mkuu New York na wewe uko London, saa kumi na moja jioni yake ni saa nne usiku yako kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kama unafanya kazi hiyo ukiwa Nairobi, itakuwa saa sita usiku majira yao ya joto na saa saba usiku majira yao ya baridi, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Tarehe nazo zina mgogoro: 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwa Mwingereza na tarehe 4 Machi kwa Mmarekani. Mwezi uandike kwa jina.

Sasa turudi kwenye neno ambalo msomaji wa haraka angelipita, "a good start". Mwanzo mzuri! Mgeni anafurahi. Lakini ripoti ilikuwa imekamilika, kwa maoni yake, na sasa inaitwa mwanzo. Huo ndio ujumbe: haijatosha. Waingereza wana desturi ya kutoa kasoro kwa kupunguza sifa. "Quite good" kwao ni nzuri kiasi, pungufu ya nzuri. Kwa Mmarekani maneno hayo hayo ni sifa zaidi kidogo, kwa hiyo hata wao wenyewe wanapotezana. "Interesting", ikisemwa peke yake bila swali linalofuata, mara nyingi inamaanisha sikubaliani. Na sentensi inayoanza kwa "you might want to" si wazo la kukusaidia kufikiri, ni maelekezo. Anayekuambia kwamba huenda ungependa kuangalia tena jedwali la tatu amekuambia jedwali la tatu lina kosa.

Utajuaje? Acha kusikiliza sifa, sikiliza kitendo. Sifa isiyofuatwa na kazi yoyote ni sifa. Sifa inayofuatwa na ombi la kubadilisha kitu ni utangulizi wa ombi, na ombi ndilo ujumbe. Wengi hupanga maneno yao kwa tabaka tatu, pongezi, kasoro, pongezi, na mgeni huondoka akiwa amebeba ya kwanza na ya mwisho tu. Katika kipindi cha majaribio, ambacho Uingereza huwa miezi mitatu hadi sita katika ajira nyingi, hilo linaweza kumgharimu mtu kazi. Ameambiwa mara nne kwamba hafikii kiwango, na yeye ameandika nyumbani kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kwa hiyo baada ya kila mazungumzo ya tathmini uliza swali moja: ungependa nibadilishe kitu gani kabla hatujakutana tena? Swali hilo linamtoa Mwingereza kwenye kuzunguka bila kumkosea adabu.

Jibu la barua yetu ya Jumatano basi linaweza kuwa fupi. Utamwambia kwamba Ijumaa kabla ya 17:00 utampelekea orodha ya wateja 50 ambao ankara zao zinahitaji kusahihishwa tu, na kwamba waliobaki utawaacha mpaka aseme. Utamwomba dakika kumi Alhamisi kwa ajili ya yule mteja mkubwa. Utamuuliza ni sehemu gani ya ripoti iongezwe. Na utauliza kama suala la mfumo liingie kikao cha mwezi. Sentensi nne, hakuna msemo hata mmoja, na kila jambo lina mtu na siku yake. Akiwa alikusudia jingine, atakusahihisha Jumatano hiyo hiyo, si Ijumaa jioni.

Kuna msemo mmoja ambao hauwezi kuokolewa hata na akili nzuri, kwa kuwa maana zake mbili zinapingana. Mwingereza aki-"table" jambo, amelileta mezani lijadiliwe sasa. Mmarekani akifanya hivyo, ameliondoa mezani lisijadiliwe. Winston Churchill anasimulia katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa nchi hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja, Waingereza wakitaka ushughulikiwe upesi na Wamarekani wakipinga kwa sababu walidhani wameombwa kuuahirisha. Pande zote mbili zilikuwa zinataka kitu kilekile. Ukilisikia neno hilo, uliza: leo au siku nyingine?

Wanaokwenda Dubai, Doha au Maskati wana hali yao. Huko Kiingereza cha ofisini kimefinyangwa sana na Wahindi na Wapakistani, na kina maneno ambayo Mwafrika Mashariki atayazoea upesi. "Revert" huko ni kujibu barua, kama inavyotumika katika ofisi nyingi za kwetu. Mwingereza au Mmarekani akiandikiwa "please revert" atajiuliza arudi kwenye hali ipi ya zamani, kwa sababu kwake ndiyo maana ya neno hilo. "Prepone" ni kusogeza kikao mbele, kifanyike mapema. London si wote watakaokuelewa. Hakuna Kiingereza kilicho duni hapo. Kuna ofisi tofauti tu, na neno lililozoeleka Dubai liache Dubai unapohamia Toronto.

Na usiharakishe kuiga. Kuna misemo ambayo wenyeji huisema kwa wepesi bila kukumbuka ilikotoka. Wanaposema fulani ame-"drink the Kool-Aid", wanamaanisha ameyaamini mambo ya kampuni bila kuhoji. Msemo huo ulitokana na mauaji ya Jonestown, Guyana, tarehe 18 Novemba 1978, ambapo zaidi ya watu 900, wafuasi wa mhubiri Jim Jones, walikufa, wengi wao kwa kinywaji kilichotiwa sumu. Karibu theluthi moja walikuwa watoto. Sioni sababu ya Mswahili kuubeba mdomoni. Maneno ya kawaida, mtu na kazi na siku, yanaeleweka na kila mmoja ofisini, pamoja na Mpolandi na Mfilipino wanaohangaika na misemo hiyohiyo.

Yote hayo ni madogo kando ya kundi la mwisho la maneno, yale ya kumwondoa mtu kazini. Hapa upole ni mwingi kuliko mahali pengine popote, na matokeo yake ni mazito kuliko yote. "We're letting you go" ukiyatafsiri neno kwa neno ni kwamba tunakuruhusu uende, kama vile umeombewa ruhusa ya kutoka mapema. Maana yake umeachishwa kazi. "Restructuring" ni kupanga upya idara, na mara nyingi ndani ya mpango huo kuna nafasi zinazofutwa. Barua inayosema nafasi yako iko "at risk" haijakufukuza bado. Imefungua kipindi cha mashauriano, na ndani ya kipindi hicho unaruhusiwa kuuliza ni vigezo gani vimetumika na kama kuna nafasi nyingine. Mwajiri wa Uingereza anayekusudia kuondoa watu 20 au zaidi katika kituo kimoja ndani ya siku 90 anabanwa na sheria aanze mashauriano siku 30 kabla ya kumwondoa wa kwanza; wakifika 100, siku 45.

Kuna pia PIP, mpango wa kuboresha utendaji. Jina lake ni la msaada, na wapo wanaovuka salama. Lakini mara nyingi ni karatasi ya mwanzo katika jalada la kumwondoa mtu. Ukipewa, dai kila lengo liwe na kipimo na tarehe, jibu kwa maandishi, na tunza nakala yako mwenyewe.

Kwa mwenye viza inayotegemea mwajiri, maneno haya yanagusa hata kibali cha kuishi nchini. Uingereza, mfanyakazi aliyedhaminiwa akipoteza kazi, kwa kawaida viza hupunguzwa akabakiwa na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Marekani, mwenye viza ya H-1B naye hupewa muda usiozidi siku 60. Siku hizo zisiliwe na wiki mbili za kujiuliza kama kweli umeachishwa.

Kwa hiyo, ukiitwa chumbani ukaambiwa maneno matamu na kusogezewa karatasi ya makubaliano ya kuondoka, usitie saini siku hiyo, hata kama anayekupa ni mtu mliyekuwa mnakula naye mchana. Uingereza makubaliano hayo hayawi halali mpaka upate ushauri wa mtu huru mwenye sifa, mara nyingi wakili, na waajiri wengi huchangia gharama yake. Mwongozo wa Acas, taasisi ya umma inayoshughulikia mahusiano kazini, unataka upewe angalau siku 10 za kufikiri. Acas pia hujibu maswali ya wafanyakazi kwa simu bila malipo. Wapigie kabla ya kushika kalamu.